Kodi Idaiwayo na Kodi Ilipwayo

Sheria ya mwaka 2023 inaziachia halmashauri za wilaya nchini Rwanda kupanga kodi ya viwanja, kati ya faranga 0 na 80 kwa kila mita ya mraba. Tuseme basi Halmashauri ya Rubavu inaombwa kupandisha kiwango cha mtaa mmoja wa Gisenyi kutoka faranga 40 hadi 60. Kabla ya kura, wajumbe wanahitaji waraka wa ukurasa mmoja. Useme nini?

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Mtaa una viwanja 1,000, kila kimoja mita 300 za mraba. Mwenye kiwanja aliyedaiwa faranga 12,000 kwa mwaka sasa atadaiwa 18,000. Mwandishi mvivu atazidisha 6,000 kwa 1,000, kisha atangaze nyongeza ya milioni 6. Lakini hizo ni fedha zinazodaiwa, si zilizolipwa. Iwapo waliokuwa wakilipa ni 800, wilaya ilipata 9,600,000. Na iwapo kodi mpya itabakiza walipaji 600, itapata 10,800,000. Nyongeza ni 1,200,000 tu, na bado hatujatoa gharama ya kuwafuatilia wadaiwa 400. Wakibaki 533, wilaya itakusanya pungufu kuliko mwanzo!

Kwa maoni yangu, hiyo 533 ndiyo iandikwe juu kabisa ya waraka. Mjumbe ataweza kuilinganisha na daftari la walipaji la mwaka uliopita, na kujiuliza kama mjane wa jirani yake, mwenye kiwanja cha urithi lakini asiye na mshahara, atakuwa miongoni mwao.