Mahali pa Kukata Mhadhara

Mhadhara wa dakika 50 juu ya kujumlisha sehemu, hata ukirekodiwa vizuri, ni nadra kusikilizwa hadi mwisho na mwalimu mwanafunzi aliyeko mazoezini. Ndiyo sababu tumeukata vipande vifupi vya kutazamwa katika simu. Kwa maoni yetu, kosa kubwa katika kazi hii hutokana na mahali tunapokata, wala si na mitambo.

Mkufunzi wetu alitoa salamu, akasoma ratiba, na katika dakika ya 14 ndipo aliposema: "Mtoto amejumlisha theluthi na robo, akapata mbili juu ya saba. Mbona jibu ni dogo kuliko theluthi aliyoanza nayo?" Kipande kilistahili kuanza hapo hapo, kwa maana swali hilo humlazimisha mtazamaji kukokotoa.

Mwanzo tuliupata, mwisho ukatuponyoka. Tulikata baada ya sekunde 40, kwenye maneno "mtoto huyu ana hoja yake", kwa kuwa yalivutia. Mwalimu mwanafunzi mmoja akatuuliza iwapo chuo sasa kinakubali kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Ilitubidi kukirefusha kipande hadi sekunde 95, mkufunzi alipofikia 4/12 + 3/12 = 7/12. Kipande kinachoanza na kosa hakina budi kulisahihisha ndani yake chenyewe.

Sauti ilikuwa na mvumo wa feni. Katika programu ya Audacity tulichagua sekunde mbili ambazo feni peke yake ilisikika, tukafungua `Noise Reduction` na kubonyeza `Get Noise Profile`. Kisha tukachagua rekodi yote na kupunguza mvumo kwa desibeli 12. Tulipojaribu 24, sauti ya mkufunzi ikawa kama itokayo ndani ya mtungi, na herufi "s" na "th" zikafifia. "Theluthi" ikawa shida kusikika. Njia hii hufaa kwa mvumo usiobadilika. Mvua juu ya bati na mwangwi wa ukumbi haviondoki hivyo. Dawa yake ni kusogeza kinasa sauti karibu na msemaji kabla ya kurekodi.

Maandishi ya chini ni ya lazima, kwani wengi hutazama wakiwa wamezima sauti. Sikio husikia "mbili juu ya saba", lakini jicho lataka tarakimu:

```
1
00:00:00,000 --> 00:00:04,000
Mtoto amejumlisha 1/3 na 1/4,
akapata 2/7.
```

Mistari miwili yatosha. Nakala iliyoandikwa na mashine yenyewe isomwe neno kwa neno, hasa penye namba. Tena saa za kila andiko zilingane na sauti: katika nakala yetu ya kwanza 7/12 ilijitokeza sekunde tatu kabla mkufunzi hajaitamka, na swali likawa limejibiwa kabla mtazamaji hajashika kalamu.