Usitukane wakunga na uzazi ungalipo

Kuna ugonjwa umewaingia mafundi na wahandisi wetu wa pwani ya Lindi: kuwajibu mawakala wa ajira kwa kebehi. Gesi ya Songo Songo ilianza kwenda Dar es Salaam mwaka 2004. Walioanza nayo wakiwa vijana wa kushika spana, leo wengine ni wasimamizi wa zamu, watu wazima wa kuheshimika, na Kilwa tunajivunia. Lakini mmoja wao akiandikiwa na wakala kwamba kuna nafasi ya opereta msaidizi, hupandwa na mori: "Unanijua mimi nani? Kampe mdogo wako!" Kisha jibu hilo hulisoma barazani, watu wacheke.

Ndiyo adabu ya Kilwa hiyo? Neno jema ni sadaka, sote tulifundishwa chuoni. Yule wakala mara nyingi ni kijana mwenye orodha ndefu. Ametafuta watu wa gesi, jina lako likatokea. Hakukudharau, hakujui tu. Ila sasa amekujua, na siku mwajiri akitaka mkuu wa mtambo, jina lako ataliruka.

Kabla ya kukataa, uliza. Vyeo havina kipimo kimoja. Opereta wa kampuni moja huenda akabeba mzigo wa msimamizi wa nyingine. Uliza mwenye nafasi hiyo anawajibika kwa nani, ana watu wangapi chini yake, na mshahara unaanzia wapi hadi wapi. Ikidhihirika kwamba kweli ni ndogo, maneno machache yanatosha:

"Habari ndugu. Ahsante kwa kunikumbuka. Kwa sasa nasimamia zamu ya watu wanane, kwa hiyo nafasi hii hainifai. Ikitokea ya kuongoza mtambo au matengenezo, tafadhali nitafute. Yupo kijana anayeiweza. Akiridhia, nitakupa namba yake."

Tazama: miaka ya kazi haikutajwa, wametajwa watu anaowaongoza, maana hao ndio wanaoonyesha cheo. Mshahara wa sasa nao haukutajwa. Ukiutaja mapema, kesho utapimiwa kwa huo. Wala hakusema "nitafikiria." Ukisema hivyo ilhali umeshakataa, wakala atakupigia wiki nzima, mwisho umzimie simu, na adabu yote ipotee. Na kijana aulizwe kwanza, kwani huenda bosi wake hajui kwamba anatafuta kwingine.

Nanyi mawakala msijichekee! Mnaandika "Mpendwa mwombaji" kwa mtu ambaye hajaomba lolote, jina lake hamlitaji, mshahara mnauficha kama siri ya ndoa. Wabaya kuliko wote ni wale wanaotaka kwanza hela ya fomu itumwe kwa simu. Hao ni matapeli. Ndugu zangu, hao msiwajibu hata kwa salamu. Pelekeni namba zao polisi.