KITANDA HAKICHELEWI MKONONI, KINACHELEWA KIKISUBIRI

Ndugu wanachama,

Jumamosi ijayo tunaitwa mkutanoni kuamua jambo moja: tukope fedha tununue mashine ya pili ya randa, au tusikope. Dhamana ya mkopo huo ni banda letu la useremala. Sisi tunasema tusikope. Tunalisema mapema, hapa ukutani, ili asiwepo mtu wa kusema kesho kwamba hakusikia.

Wenzetu wanaotaka mashine wanasema hivi: wateja wa vitanda wanalalamika, wanalipa kianzio halafu wanangoja mwezi mzima, wengine wameshatukimbia wanakwenda Keko. Hayo ni kweli, hatuyapingi. Tunachopinga ni dawa yao. Eti mafundi ni wavivu na mashine ni moja. Hebu tuwaulize, ndugu zetu, nani kati yenu amekifuata kitanda kimoja tangu oda inaandikwa mpaka kinatoka mlangoni? Hakuna. Sisi tumekifuata, na tunawaeleza tulichokiona.

Njia tuliyotumia si ya kwetu. Wajapani wa kiwanda cha magari cha Toyota wanajulikana kwa kuchora hivi safari ya kitu na safari ya habari zake. Hapa kwetu, kuanzia mwaka 2013, Wizara ya Viwanda na Biashara pamoja na Wajapani wa JICA walieneza mafunzo ya kaizeni viwandani, na michoro ya namna hii huenda pamoja na mafunzo hayo. Haitaki umeme wala fedha. Inataka karatasi, penseli, na mtu asiyeona aibu kuuliza.

Kwanza tulichagua kitu kimoja tu, kitanda cha mninga cha tano kwa sita. Milango, madirisha na mabenchi tuliyaweka pembeni, maana ukichora vyote kwa pamoja unapata utando wa buibui. Kisha tukaanzia nyuma. Tulisimama mlangoni, mahali mteja anapochukua kitanda, tukarudi hatua kwa hatua mpaka kwenye mbao. Ukianzia mbele utaambiwa mambo yanavyotakiwa kuwa. Ukianzia nyuma unauliza, "Hiki kimetoka wapi, na kimekaa hapa tangu lini?"

Hatukuuliza siku kwa mdomo. Fundi ukimwuliza atakwambia wiki mbili, maana ndivyo tunavyomwambia kila mteja. Tuliandika tarehe kwa chaki chini ya mguu wa kitanda, siku kinapofika kila mahali na siku kinapoondoka. Basi mguu ukasema wenyewe.

Oda ilikaa daftarini siku 6, kwa sababu tuna desturi ya kungoja oda nyingi ndipo twende kununua mbao. Kukata kulichukua dakika 40. Mbao zikangoja randa siku 1. Randa yenyewe ilikuwa dakika 30. Halafu miguu na mbao za ubavuni zikalala chini siku 7 zikimsubiri fundi wa tundu na ulimi. Kazi yake ya patasi ni saa 3. Zikangoja klempu siku 2, zikaungwa kwa saa 2, gundi ikakauka siku 1. Kitanda kikangoja msasa siku 2, kikapigwa msasa saa 2. Kikangoja vanishi siku 3. Kupaka sila na vanishi ni saa moja na nusu ukijumlisha mikono yote, na kukauka siku 2. Mwisho kilikaa mlangoni siku 3, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mteja kwamba kimekwisha.

Chini ya karatasi tulichora mstari kama meno ya msumeno. Panapongojwa mstari unapanda, panapofanyiwa kazi unashuka. Sasa jumlisheni nasi. Kungoja ni siku 24. Kukauka ni siku 3. Kazi ya mikono na mashine ni saa 9 na dakika 40, yaani siku moja ya kazi na kidogo. Jumla ni siku 28.

Ndugu wanachama, katika siku 28 mafundi wetu wanakishika kitanda siku moja. Mvivu hapa ni nani? Siku 24 kitanda kimelala na hakuna mtu aliyekigusa.

Wapo waliosema kitanda kile kilikuwa na bahati mbaya. Tukawajibu kwa hesabu nyingine. Mwaka 1961 Mmarekani mmoja, John Little, alithibitisha kanuni ambayo hata sisi tuliojifunza kuhesabu kwenye kisomo cha watu wazima tunaiweza: chukua vitu vyote vilivyoanzwa na havijakwisha, gawa kwa idadi inayotoka kila wiki, unapata wiki ambazo kila kimoja kinakaa ndani. Tulihesabu. Vitanda 3 vilikuwa daftarini, 1 kwenye randa, 4 vikingoja tundu, 1 klempu, 1 msasa, 2 vanishi, 2 mlangoni, na 2 vikifanyiwa kazi au vikikauka. Jumla 16. Daftari la mauzo linaonyesha vinatoka 4 kwa wiki. Gawa 16 kwa 4: wiki 4. Chaki ilisema siku 28, na hesabu imesema siku 28. Zingetofautiana sana, tungejua tumesahau vitanda mahali fulani au mtu ametudanganya tarehe.

Kwa hiyo anayemwambia mteja "wiki mbili" huku vitanda 16 viko ndani anasema uongo, hata kama hajui kuwa ni uongo.

Sasa turudi kwenye mashine. Kitanda kinangoja randa siku 1 tu kati ya 28. Tukileta mashine ya pili, hata ingekuwa ya ajabu namna gani, tutaokoa siku hiyo 1 na dakika kidogo. Halafu nini? Mbao zilizopigwa randa zitarundikana mara mbili mbele ya fundi wa tundu, ambaye ni mmoja na anagawana siku zake na milango na madirisha. Banda litajaa, mafundi watarukaruka juu ya mbao, na mteja atangoja vilevile. Ni sawa na kupanua mdomo wa chupa wakati shingo ni ileile. Deni litabaki letu.

Karatasi ilionyesha na jambo jingine. Tulichora pia habari zinavyokwenda: oda iko kwa mwandishi, lakini nani anamwambia fundi wa randa apige kipi leo? Hakuna. Anapiga mbao zilizo juu ya rundo, tena nyingi kwa mpigo, kwa sababu tunamlipa kwa kipande. Oda ya mteja wa mwanzo inapitwa na ya mwisho. Yeye hana kosa. Sisi ndio tuliomlipa arundike.

Tumejaribu njia nyingine kwa miezi miwili, kwa vitanda tu. Tulichora visanduku viwili vya chaki sakafuni kati ya randa na patasi. Kila kisanduku ni cha kitanda kimoja. Vyote vikijaa, fundi wa randa haanzi kitanda kipya. Anachukua patasi anamsaidia wa tundu. Mbao tunanunua kila Jumatatu, oda ziwe nyingi au chache. Vanishi inapakwa siku mbili maalumu kwa wiki. Mteja anapigiwa simu siku ya mkono wa mwisho wa vanishi, wala si baada yake.

Leo hesabuni wenyewe: vitanda vilivyo ndani ni 8, na vinatoka 4 kwa wiki kama zamani. Hizo ni wiki mbili za kweli. Atakayesema idadi haikuongezeka amesema kweli, nasi hatukuahidi idadi. Kilichopungua ni siku za mteja, na fedha zetu zinazolala kwenye mbao zimepungua nusu. Oda zikija kuzidi 4 kwa wiki, basi tutafute fundi wa pili wa tundu. Hiyo ndiyo shingo ya chupa.

Hatutaficha makosa yetu. Tulipoona siku zinapungua, tamaa ikatuingia, tukataka kubana na zile za kukauka. Kitanda kimoja tulikitengeneza kwa mbao mbichi kwa kuwa zilizokauka zilikwisha. Baada ya majuma machache ulimi ulisinyaa, ungio likalegea, mteja akakirudisha kinalia kama mlango wa zamani. Tumekitengeneza upya kwa gharama yetu. Fundisho ni hili: kungoja foleni ni hasara, lakini kukauka ni kazi, ijapokuwa hakuna mkono unaoonekana. Gundi, vanishi na mbao zina saa zao, na wakati wa masika saa hizo zinarefuka. Karatasi izionyeshe mbali na foleni, mtu asije akazikata. Ndiyo maana tunataka fedha kidogo ziwekwe kwenye mbao kavu za akiba, zipangwe juu ya vipande vya mti, hewa ipite katikati. Hizo ni ndogo sana kuliko bei ya mashine.

Kosa la pili ni la haki. Fundi wa randa akisimamisha mashine anapunguza vipande vyake, na mfuko wake unapungua. Amelalamika mbele yetu, na analalamika kwa haki. Huwezi kumwambia mtu asirundike huku unamlipa kwa rundo. Tunapendekeza malipo ya vitanda yahesabiwe kwa kitanda kilichotoka mlangoni, yagawanywe kwa wote waliokishika. Hili likikataliwa, visanduku vya chaki vitafutika wenyewe kabla ya mwezi kwisha, na vitanda 16 vitarudi.

Basi hoja zetu za Jumamosi ni tatu: mkopo wa mashine ukataliwe, malipo yawe kwa kitanda kilichotoka, mbao kavu za akiba zinunuliwe.

Ombi letu kwa kila mwanachama, anayetuunga mkono na anayetupinga, ni moja. Kabla ya mkutano pita bandani. Usimwulize mtu yeyote. Hesabu vitanda vyote vilivyoanzwa, pamoja na vilivyo daftarini, gawa kwa 4, kisha soma tarehe chini ya miguu. Ukikuta foleni ndefu iko mbele ya randa, njoo mkutanoni utuumbue. Ukiikuta mbele ya patasi, usinyooshe mkono kuweka banda letu rehani kwa ajili ya mashine isiyosubiriwa na mtu.