Fomu ya ridhaa itaje faili zitakazofutwa

MTAZAMO WANGU
Na Mwanaisha Kombo

Mwalimu mlezi wa chama cha tarakilishi katika shule moja ya upili ya bweni aliniomba niipitie fomu yao ya ridhaa. Wanachama wanataka kutengeneza video ambamo sura ya mwanafunzi mmoja inabandikwa kwenye mwili wa mwenzake, kisha waionyeshe gwarideni ili shule nzima ijionee jinsi video bandia zinavyoundwa. Mradi wenyewe nauunga mkono. Fomu ndiyo iliyonitia wasiwasi, maana ilikuwa na sentensi mbili tu: “Nakubali picha zangu zitumiwe na chama kwa mradi huu na shughuli nyinginezo. Ninaweza kujiondoa wakati wowote.”

Hiyo sentensi ya pili ni ahadi ambayo chama hakikuwa na njia ya kuitimiza. Ili kuelewa kwa nini, tufuate safari ya sura ya mwanafunzi huyo ndani ya tarakilishi.

Programu kama DeepFaceLab huanza kwa kuigawa video kuwa picha moja moja. Video ya dakika mbili, iliyopigwa kwa fremu 25 kila sekunde, hutoa picha 3,000. Programu hutafuta uso katika kila picha, huukata, huunyoosha na kuuhifadhi kwenye folda iitwayo `data_src/aligned`. Nyuso za mwenzake, yule atakayebandikwa sura, huwekwa kwenye `data_dst/aligned`. Baada ya hapo modeli hufunzwa kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa, ikizirudia nyuso za wote wawili. Ndani ya modeli mna sehemu moja inayojifunza nyuso zote mbili kwa pamoja, na sehemu mbili za kuchora, kila moja ikichora mtu wake. Mwisho kabisa ndipo hutoka video iliyokamilika.

Sasa tuseme yule mwenye sura anabadili nia wiki ya tatu. Mwalimu anaifuta video aliyopigwa na kudhani kazi imekwisha. Lakini zile picha zake zilizokatwa bado zipo. Modeli bado ipo, na nakala za akiba ambazo programu huweza kujiwekea yenyewe. Ipo video ya majaribio ambayo wanachama walitumiana kwa WhatsApp, na ipo simu iliyotumika kumpiga picha. Tena modeli ndiyo ngumu kuliko vyote, kwa sababu huwezi kumchomoa mtu mmoja ukamwacha mwingine. Zile nyuso mbili zimeumbika katika namba zilezile. Dawa ni kuifuta modeli nzima, na yule aliyebaki kazi yake inaanza upya.

Kuna jambo jingine ambalo wasiowahi kufanya kazi hii hawalifikirii. Kufunza modeli kuanzia sifuri kunachosha, kwa hiyo mtu huichukua modeli ya mradi uliopita na kuiendeleza kwa nyuso mpya. Mwanafunzi aliyemaliza shule mwaka jana anaendelea kuwa msingi wa video za watu asiowajua. Maneno “shughuli nyinginezo” katika fomu ile yangeruhusu hayo yote.

Niliwaandikia maneno haya badala ya yale ya kwao:

“Nakubali sura yangu itumiwe katika video moja tu, yenye maneno niliyoyasoma kwenye karatasi iliyoambatishwa. Sauti yangu haitaigwa. Video itakuwa na maandishi VIDEO BANDIA kuanzia mwanzo hadi mwisho. Itaonyeshwa gwarideni na haitawekwa mtandaoni. Modeli haitatumiwa kwa mradi mwingine wala kupewa mtu mwingine, na itafutwa siku saba baada ya maonyesho.”

Na kuhusu kujiondoa:

“Ninaweza kujiondoa bila kutoa sababu, kwa kumwambia au kumwandikia mwalimu aliyetajwa hapa chini. Nikijiondoa kabla ya maonyesho, kazi itasimama siku hiyohiyo, na katika siku saba chama kitafuta video niliyopigwa, picha za uso wangu zilizokatwa, modeli pamoja na nakala zake zote, na kila video iliyotokana nazo, kwenye tarakilishi, diski, simu na hifadhi ya mtandaoni. Nitaandikiwa zilipofutwa na siku zilipofutwa. Nikijiondoa baada ya maonyesho, vyote hivyo vitafutwa vilevile, lakini chama hakiwezi kuwasahaulisha walioitazama, wala kuahidi kwamba hakuna aliyeirekodi kwa simu yake.”

Sentensi ya mwisho ilimkera mwalimu. Aliona itawatisha wazazi. Mimi nasimama nayo, kwa sababu mzazi akijua mpaka wa ahadi ndipo anapoweza kuamua. Na kama inatisha, basi simu zikusanywe kabla ya maonyesho.

Yule mwenye mwili naye atie sahihi fomu yake. Watu humsahau kwa kuwa sura yake haionekani, ilhali mwendo, mikono na sare yake ndivyo vinavyoonekana, na picha zake zimo ndani ya modeli sawasawa na za mwenzake. Katika fomu yake iongezwe kwamba mwenzake akijiondoa, modeli itafutwa na huenda akaombwa kupigwa tena, na ana haki ya kukataa.

Hapa ndipo shinikizo linapoingia. Kijana anayejua kwamba kujiondoa kwake kutaharibu kazi ya siku tatu ya wenzake atanyamaza. Kwa sababu hiyo jina la atakayepokea maombi ya kujiondoa lisiwe la mwalimu mlezi wala la mwenyekiti wa chama. Liwe la mwalimu asiye na alama za kumpa mwanafunzi huyo wala hamu ya video kukamilika, kama mwalimu wa ushauri nasaha. Chama kiambiwe tu kwamba mradi umesimama. Kwa kuwa waliopigwa ni wawili pekee, itakisiwa ni nani, kwa hiyo ni afadhali kupiga watu wanne na kufunza modeli mbili zilizotenganishwa, ili mmoja akitoka maonyesho yasife.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inasema katika kifungu cha 32 kwamba mtu anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote, na kwamba mzigo wa kuthibitisha ridhaa uko kwa anayetumia data. Kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa mtoto. Mwaka 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za kawaida. Katika shule ya bweni, fomu isipitishwe kwa mwanafunzi siku ya kufunga shule. Ikabidhiwe mzazi siku ya kutembelea, na mtoto atie sahihi yake kando, kwa sababu mzazi kukubali hakumlazimishi mtoto asiyetaka.

Zipo programu zinazobandika sura kwa kutumia picha moja tu, bila kufunza chochote. Kwa hizo kufuta ni rahisi, ila picha moja ikivuja inatosha kumtengenezea mtu video wakati wowote. Fomu itaje ni programu gani inayotumika, na picha zikae kwenye tarakilishi ya shule peke yake.

Kabla ya mwanafunzi yeyote kutia sahihi, nilimshauri mwalimu ajipige video yeye mwenyewe, aipitishe hatua zote, kisha aombe afutwe. Wanachama watafute kila nakala, pamoja na zile zilizobaki kwenye pipa la taka na kwenye simu zao, na waandike walikozikuta. Orodha hiyo ndiyo iingie kwenye fomu. Ikiwachukua zaidi ya siku saba, basi fomu iandike kumi na nne.