SHAIRI LA MWAKA MPYA: KUCHEKA BILA KUUMIZANA



Januari imeingia, na katika ofisi nyingi chai ya mwaka mpya inatengenezwa. Wengi wetu tumezoea kusoma shairi la kutaniana siku hiyo. Ni desturi njema, lakini mwaka uliopita sisi wenyewe tuliiharibu. Ubeti mmoja ulimcheka tarishi kwa viatu vyake. Watu walicheka sana. Yeye aliweka kikombe mezani akatoka, na kwa majuma mengi salamu ilikuwa nzito kati yetu. Basi mwaka huu tulikaa wanne kulitengeneza shairi upya, na twapenda kuwaeleza tulivyofanya.

Tulianza na kanuni za shairi, maana shairi lisilo na mizani huchekwa lenyewe. Tulichagua lile la kawaida: mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande wa pili, na vina katikati na mwishoni. Atakaye kujifunza zaidi atafute kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Mwenzetu mmoja akaleta mishororo hii:

Karani wa Karatina, saa nne aingia,
Husema mvua jana, njia ilimfungia.

Hesabuni, mtaona mizani imetimia na vina vimekaa. Hata hivyo tuliikataa. Katika ofisi yetu atokaye Karatina ni mmoja tu, kwa hiyo hilo si fumbo tena, ni kumwita mtu kwa jina mbele ya mkubwa wake. Pengine ana mtoto mgonjwa nyumbani, nasi hatujui. Tukabadili jambo moja tu: tukamwondoa "yeye" tukaweka "sisi".

Saa mbili twaagana, saa nne twaingia,
Twasema mvua jana, njia ilitufungia,
Na Mlima twauona, jua linauwakia,
Mwaka mpya umefika, tabia ni zilezile.

Sasa mchelewaji anacheka pamoja na wengine, maana ni nani asiyewahi kuchelewa? Na uongo wa mvua umebaki palepale, tena umekolea, kwa kuwa Mlima Kenya wote waujua: asubuhi ukionekana wazi mpaka kileleni, kusingizia mvua ni kazi ngumu.

Ubeti wa pili ni wa koti, dawa ya zamani ya kudanganya kwamba mtu yupo:

Koti letu li kitini, wenyewe tumetoweka,
Mgeni yu mlangoni, faili analitaka,
Tuko chai hotelini, vikombe vinafurika,
Mwaka mpya umefika, tabia ni zilezile.

Kisha tukauliza: je, mkubwa aachwe? Tuliona asiachwe. Shairi linalomcheka mfagiaji na kumpita meneja si utani, ni woga. Lakini naye achekwe kwa tabia ambayo hata yeye huikiri:

Mkubwa na mkutano, dakika tano asema,
Twahesabu tano tano, mpaka jua lazama,
Atufunga kwa maneno, matumbo yaunguruma,
Mwaka mpya umefika, tabia ni zilezile.

Hapa "sisi" haikuwezekana, maana mkubwa ni mmoja. Kwa sababu hiyo tulimpelekea ubeti wake siku mbili mbele. Angekunja uso, tungeufuta. Alicheka, akaomba usomwe wa mwisho.

Yako mambo tuliyoyaacha kabisa: mwili wa mtu, kabila, dini, ndoa na ulevi. Fedha pia tuliziacha. Januari ni mwezi wa karo, na aliyeomba mshahara kabla ya wakati hatacheka akisikia ubeti juu ya madeni, hata kama hakutajwa.

Huenda wengine watasema shairi la namna hii halina makali. Sisi hatukubali. Wazee wa nchi hii ya Agikuyu walikuwa na gichandi, waimbaji wakishika kibuyu kilichochorwa alama na kutegeana mafumbo. Makali yalikuwa katika fumbo, na msikilizaji alipaswa kufikiri. Kumtaja mwenzako viatu vyake hakuhitaji akili yoyote.

Shaka moja bado tunayo. Mtu akicheka mbele za watu, si lazima awe amefurahi. Tarishi wetu naye alitabasamu kwanza. Kwa hiyo tunawashauri: mmoja wenu asisome wala asicheke, akae akitazama nyuso. Akiona kikombe kimewekwa mezani kabla hakijaisha, amfuate mwenye kikombe siku hiyohiyo, asingoje kesho.

Na tarishi wetu? Mwaka huu tulimwomba asome yeye. Alisoma vizuri kutushinda sote.