Tatizo halizaliwi na sanduku lake

Ukihudhuria semina ya uongozi siku hizi, iwe ya benki, ya halmashauri au ya asasi isiyo ya kiserikali, kabla ya chai ya saa nne mwezeshaji atakuwa amechora msalaba kwenye bango kitita na kupata vyumba vinne. Chumba cha kwanza ni cha mambo mepesi, ambayo jibu lake linajulikana na meneja anafuata utaratibu uliopo. Cha pili ni cha mambo ya kitaalamu: jibu lipo, ila lazima umwite anayejua kulichambua. Cha tatu ni cha mambo changamano, yale ambayo chanzo na matokeo huonekana baada ya tukio tu, kwa hiyo meneja anajaribu vitu vidogo vidogo na kutazama kipi kinashika. Cha nne ni cha vurugu, na hapo hakuna muda wa kutafakari: toa amri kwanza, tazama baadaye. Kisha washiriki wanagawiwa karatasi za rangi, wanaandika matatizo ya ofisi zao na kuyabandika kila moja kwenye chumba chake. Watu wanapiga makofi. Wanarudi makazini wakiamini kwamba kazi ya kwanza ya meneja ni kulitambua tatizo ni la aina gani, na kwamba ukishaitambua aina, njia ya kuamua inajileta yenyewe.

Imani hiyo ndiyo ninayoipinga. Sina ugomvi na Dave Snowden, Mwelisi aliyeanza kuchora mchoro huo mwaka 1999 akiwa IBM, wala na Mary Boone aliyeandika naye makala ya mwaka 2007 katika jarida la biashara la Harvard iliyoufanya upendwe na mameneja. Snowden mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mchoro wake si kabati la kupangia vitu. Lakini makala ya kurasa chache inasomeka upesi kuliko maonyo ya mwandishi wake, na kilichotufikia sisi ni kabati.

Kwa nini kabati linadanganya? Tuuchukue mfano mgumu kuliko ile ya semina. Tarehe 8 Mei 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika jimbo la Équateur. Safari hiyo kulikuwa na kitu kipya mkononi: chanjo. Wataalamu walikwenda na mbinu ya kumzunguka mgonjwa, yaani kuwachanja wote waliokutana naye, kisha wale waliokutana na hao. Kufikia tarehe 24 Julai mlipuko ulitangazwa kwisha. Waliougua walikuwa 54, wakafa 33. Mbele ya bango kitita, nani asingesema kwamba Ebola sasa imehamia chumba cha wataalamu? Utaratibu upo, chanjo ipo, wanaojua wapo.

Wiki moja baadaye, tarehe 1 Agosti, mlipuko mwingine ukatangazwa Mangina, Kivu Kaskazini. Aina ya kirusi ilikuwa ileile. Chanjo ileile, na hata baadhi ya wahudumu walikuwa walewale. Mlipuko huu ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, ukawapata watu 3,470 na kuua 2,287. Waliochanjwa walizidi 300,000, na bado ulichukua karibu miaka miwili.

Sasa mwulize mwezeshaji: Ebola ni tatizo la chumba kipi? Kirusi hakikubadilika. Kilichobadilika ni watu kiliowaangukia. Wakazi wa Beni, hukohuko Kivu Kaskazini, walikuwa wakichinjwa na makundi ya waasi tangu Oktoba 2014 bila dunia kushtuka, kisha ghafla wakaona magari meupe yakimiminika kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Wakajiuliza kwa Kiswahili chao na kwa Kinande maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili angejiuliza. Kwa hiyo aina ya tatizo haikai ndani ya tatizo. Inakaa kati ya tatizo, anayelishughulikia, na wale linaowagusa. Huwezi kuisoma kwa kulitazama tatizo lenyewe mezani, kama unavyosoma lebo ya dawa.

Mwenye kulitetea kabati atasema: basi, Kivu ilikuwa chumba cha tatu, walikosea kubandika tu. Laiti ingekuwa hivyo. Ingia katika siku moja ya kazi pale Beni. Chanjo lazima itunzwe kwenye baridi ya nyuzi kati ya 60 na 80 chini ya sifuri, katika mji ambao umeme ni wa jenereta. Hilo ni jambo la kufuata utaratibu bila ubunifu wowote. Anayeleta majaribio kwenye jokofu la chanjo afukuzwe. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na utafiti wa dawa nne ulioanza Novemba 2018, na Agosti 2019 ukaonyesha kwamba mbili kati yake zinaokoa maisha zaidi. Hiyo ni kazi ya wataalamu na hesabu zao. Nje ya uzio kuna mama anayekataa mwanawe achukuliwe. Vyumba vitatu, kiwanja kimoja, asubuhi moja. Karatasi iliyoandikwa "Ebola" ni kubwa mno kubandikwa popote.

Hata ukiikata vipande vidogo, vipande navyo havitulii. Hofu ya yule mama, kabati lingeiita jambo changamano: kaa na jamii, sikiliza, jaribu. Lakini angalia alichokuwa anakiogopa. Ndugu aliingia kwenye hema, mlango ukafungwa, akarudi ndani ya mfuko. Shirika la ALIMA lilileta chumba cha mgonjwa chenye kuta za plastiki angavu, na kwenye kuta hizo mikono ya glavu imeshikizwa ili mhudumu amhudumie mgonjwa akiwa nje. Familia inasimama pembeni, inamwona mtu wao na kuongea naye. Sehemu ya hofu ile ilijibiwa na fundi aliyechora ukuta. Aliyekwisha kuibandika karatasi kwenye chumba cha tatu asingemwita fundi kabisa.

Chumba ninachokiogopa kuliko vyote ni cha nne, kwa sababu kinampa bosi anachokitamani: ruhusa ya kuamuru bila kuulizwa. Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi, Ebola ikiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Rais aliapishwa Januari. Kwa maneno mengine, kura za watu hao hazikuwa na kazi tena. Kesho yake tu baada ya tangazo la kuahirisha, waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini Beni. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache, na tarehe 19 Aprili Richard Mouzoko, daktari Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Vurugu? Ndiyo, na anayepigwa risasi lazima akimbie kwanza. Lakini polisi na askari walikuwa wamekwisha kuanza kuzisindikiza timu za afya kabla ya mauaji hayo. Machi 2019 Joanne Liu, aliyekuwa rais wa Madaktari Wasio na Mipaka, alisema hadharani kwamba nguvu zinawafanya watu wajifiche. Ukiita hali "vurugu" unaleta bunduki, bunduki inaleta uadui, na uadui unathibitisha kwamba kweli ni vurugu. Jina lililobandikwa limelitengeneza tatizo lifanane nalo.

Nisieleweke kwamba kila kitu ni uchangamano. Huo nao ni ugonjwa, hasa kwa washauri wanaolipwa kwa siku. Mjini Beni, katika miezi ya kwanza, watoto wengi waliambukizwa, na maambukizi yalihusishwa na zahanati ndogo za mitaani walikopelekwa kutibiwa malaria. Sindano, glavu, maji ya kunawa, na kumtenga mwenye homa kabla hajakaa benchi moja na wengine: haya ni mambo mepesi ya darasa la kwanza la uuguzi. Yalikuwa yakiua katikati ya mlipuko ulioitwa mgumu kuliko yote. Anayesema "hili jambo ni changamano" mara nyingi amejipa likizo ya kutofanya jambo jepesi lililo mbele yake.

Meneja aliyezoea kabati huniuliza: bila kupanga, nitaanzaje? Anza na hatua unayoweza kuichukua leo, kisha andika kando yake kitu gani kikitokea kitakuonyesha kwamba umeielewa hali vibaya. Kivu kilikuwepo kipimo cha namna hiyo, tena cha wazi. Kila mgonjwa mpya akipatikana, unauliza: jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya watu tunaowafuatilia? Alifia kituoni au nyumbani? Utaratibu ukifanya kazi, wagonjwa wapya hutoka kwenye orodha na hufika wakiwa hai. Mwanzoni mwa Machi 2019 Liu alitaja kwamba zaidi ya asilimia 40 ya vifo vinatokea majumbani. Takwimu hiyo haikuambii uko chumba gani. Inakuambia kwamba idadi ya waliochanjwa, hata ipande vipi, inapima bidii yako wewe na si mwendo wa ugonjwa, kwa sababu ugonjwa unapita kwa watu usiowajua. Ofisini kwako kipimo kitakuwa kingine, lakini kiandikwe kabla ya hatua, kwa jina la mtu atakayekitazama na siku atakayokitazama. Aina ya tatizo utaijua huko mbele, na hata hapo iandike kwa penseli.

Atakayesema kwamba uzoefu hatimaye unazifunga aina hizi mahali pake, arudi Équateur. Tarehe 1 Juni 2020, kabla mlipuko wa Kivu haujatangazwa kwisha, Ebola ilitangazwa tena Mbandaka, katika jimbo lilelile lililokuwa limeimaliza kwa wiki kumi na moja. Chanjo ilikuwepo na watu waliojua kuitumia walikuwepo. Lakini fedha zilichelewa, wafanyakazi wa maabara wakagoma kwa kutolipwa, na magonjwa mengine, Korona ikiwemo, yalikuwa yakigombea watu na magari yaleyale. Safari hii waliougua walikuwa 130, wakafa 55, na mlipuko ulikwisha tarehe 18 Novemba. Ukilitafuta kwenye bango kitita sanduku la mgomo wa mshahara ndani ya mlipuko unaojulikana dawa yake, hutalipata.