Mteja hajasema saizi? Usimsemee

Wadau, leo naisema wazi: oda nusu ni oda nusu. Ukiimalizia mwenyewe kichwani haiwi oda kamili ya mteja, inakuwa oda yako wewe kwa pesa yake yeye.

Mie nauza mabaibui mtandaoni hapa Michenzani. Oda nyingi zinaingia hivi: picha ya baibui, halafu "Nataka hili jeusi, nitumie Pemba." Basi. Muuzaji mwenye haraka anaona ashaelewa, anaandika daftarini: *jeusi, 56, Mkoani*. Hebu tuangalie mteja kasema mangapi hapo. Kasema jeusi, kasema Pemba. Hiyo 56 na hiyo Mkoani katia muuzaji.

Tuanze na 56. Kwa mabaibui mengi tunayouza, namba hiyo ni urefu kwa inchi kutoka begani hadi kwenye pindo. Mteja wa 54 ukimpelekea 56, inchi 2 zinaburura chini. Utasema atapeleka kwa fundi apunguze. Sawa, kama pindo halina kitu. Likiwa na darizi au shanga, kukata ni kutupa pambo ulilomuuzia. Na akiwa wa 58, fundi hana kitambaa cha kuongeza. Halafu kuna anayevaa viatu virefu na kuna wa kandambili: kimo kimoja, namba mbili tofauti. Picha yake ya WhatsApp haikwambii hilo.

Mkoani nako vilevile. Iko kusini ya Pemba. Mteja akiwa Wete, kaskazini, mzigo umefika Pemba lakini yeye haujamfikia. Wala usidhani ni mambo ya mbali tu. Hata "niletee Michenzani" haitoshi, kwa urefu wa haya majumba yetu. Jumba namba ngapi, ngazi ipi, ghorofa ya ngapi?

Piga hesabu. Tuseme baibui ni 45,000, faida yako 8,000, na nauli ya mzigo 3,000 kila safari. Nauli ya kwanza kalipa mteja. Saizi imekataa: kulirudisha 3,000, kutuma jengine 3,000, zote juu yako. Umebaki na 2,000. Na kama alishalikata pindo, hata kuliuza tena huwezi.

Lakini kwangu hasara kubwa iko kwenye lile daftari. Ile 56 uliyoibuni imeandikwa kwa kalamu ileile ya maneno ya mteja. Baada ya siku 3 hujui tena ipi yako, ipi yake. Analalamika, unafungua daftari, unamjibu kwa uhakika kabisa: "Dada, wewe ndiye uliyesema 56." Anapandisha meseji zake juu, hakuna 56 popote. Hapo ashajua kwamba unaweza kutaja kitu hakikusemwa na ukakishikilia. Kesho ukimwambia kitambaa hakichuji rangi, akuamini kwa lipi?

Wapo wanaosema maswali yanafukuza wateja. Ni kweli, ukimtumia kumi. Uliza yale tu yanayobadilisha bidhaa, bei au mahali inapokwenda, na uyaweke kwenye meseji moja:

"Dada, lipo, jeusi la darizi, 45,000. Nisaidie mawili. Tandika kitandani baibui linalokukaa vizuri, pima kutoka begani hadi kwenye pindo: inchi ngapi? Na mzigo ushukie Mkoani au Wete, anapokea nani?"

Angalia, sikuuliza "56 sawa?" Mtu akiulizwa hivyo anajibu "sawa" bila ya kupima, nawe unakuwa umemtilia jibu mdomoni. Swali la "inchi ngapi" halijibiki kwa "sawa". Linamtaka ashike futi.

Kukisia si haramu. Ukiwa na uzoefu, mwambie: "Mie nakisia 56, ila pima kwanza." Ajue hayo ni makisio. Na daftarini, kila ambacho mteja hajakisema kiwekee alama ya kuuliza mbele yake: *56?* Chenye alama ya kuuliza hakifungwi kwenye mfuko.

Na kama boti inaondoka asubuhi na hajajibu? Iache iende. Boti nyengine ipo. Mteja aliyesubiri siku moja atanung'unika, lakini atavaa. Aliyeletewa baibui la mtu mwengine ndiye anayewahadithia wenzake.

Haya, na nyie wa viatu, madera na mapazia: swali gani moja hamfungi mzigo kabla ya kulijibiwa? Liandikeni hapo chini, wenzenu walichukue.